Baruapepe ya Kwanza kwa Msimamizi wa Uzamivu: Mfano wa Zebaki ya Geita

Baruapepe ya kwanza ya mwombaji wa shahada ya uzamivu humsaidia msimamizi mtarajiwa kuamua kama mazungumzo yaendelee au la. Si ombi la udahili, kwa kuwa hilo hupitia taratibu za chuo, wala si andiko la utafiti. Anayeisoma hutafuta majibu ya maswali mawili: je, swali hili liko ndani ya kazi ninayoifanya, na je, mtu huyu anaweza kulifanyia kazi? Lolote lisilojibu mojawapo linaweza kuondolewa bila hasara.

Mfano ufuatao ni wa kubuni, ila jambo linalozungumziwa ndani yake ni halisi. Mwombaji ni mkemia wa Shinyanga anayefanya kazi katika maabara inayopima dhahabu kwa ajili ya wachenjuaji wadogo wa Kahama na Geita. Anataka kumwandikia profesa aliyechapisha makala kuhusu zebaki katika mashapo ya mito. Kwa kawaida baruapepe za namna hii huandikwa kwa Kiingereza; hapa imewekwa kwa Kiswahili ili muundo wake uonekane.

Rasimu yake ya kwanza ilijaza ukurasa mzima. Ilianza na alikozaliwa na shule alizosoma, ikaeleza kwamba Kanda ya Ziwa ina dhahabu nyingi na kwamba uchimbaji huchafua mazingira, kisha ikasema: “Napenda kufanya utafiti kuhusu athari za uchimbaji mdogo wa dhahabu kwa mazingira na afya ya jamii. Nimevutiwa sana na kazi zako. Naomba uwe msimamizi wangu na unisaidie kupata ufadhili.” Viambatisho vilikuwa sita, vikiwamo vyeti vya sekondari.

Rasimu hii ina adabu na haina kosa la lugha. Kasoro yake ni kwamba ingeweza kutumwa kwa mtu yeyote. Athari za uchimbaji kwa mazingira na afya ni uwanja mpana wenye kazi za madaktari, wanajiolojia, wanasosholojia na wakemia, na profesa hawezi kujua ni upande upi unaomhusu. Maneno “nimevutiwa na kazi zako” hayaonyeshi kwamba hata moja ya kazi hizo imesomwa. Na jambo ambalo lingemfanya aendelee kusoma, yaani kwamba mwombaji hushughulika na sampuli za wachenjuaji kila siku, halikutajwa kabisa.

Hatua ya kwanza ya kurekebisha ni kupunguza mada hadi ibaki swali moja. Geita wachimbaji wadogo husaga mawe kwenye karasha na kunasa dhahabu kwa zebaki, hatua inayoitwa ukamatishaji. Mchanga unaobaki, unaoitwa marudio, bado una dhahabu, pamoja na sehemu ya zebaki iliyotumika. Marudio hayo huuzwa na kuchenjuliwa upya kwa sayanaidi katika matangi. Sayanaidi haiyeyushi dhahabu peke yake. Huyeyusha pia zebaki, ambayo huweza kusafiri na maji, kunaswa na kaboni inayonasa dhahabu, au kutoka kama mvuke kaboni hiyo inapochakatwa na dhahabu inapoyeyushwa. Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataja uchenjuaji wa sayanaidi kwenye marudio ambayo zebaki yake haijaondolewa kwanza kuwa miongoni mwa vitendo vinavyopaswa kukomeshwa. Kutokana na hayo linapatikana swali linalopimika: zebaki iliyo katika marudio huishia wapi, na kwa kiasi gani, katika kila hatua ya uchenjuaji huo?

Hatua ya pili ni kuonyesha swali hilo linapokutana na kazi ya msimamizi. Hapa wengi huishia kwenye mfanano wa juu juu: wote wawili wanasema zebaki, au wote wanataja Geita. Ulinganifu wenye uzito huwa katika mbinu, au katika jambo ambalo makala ya msimamizi yameliacha wazi. Katika mfano huu, profesa alipima jumla ya zebaki kwenye mashapo ya mto upande wa chini wa makazi ya wachimbaji, lakini hakutenganisha inayotoka kwenye ukamatishaji na inayotoka kwenye matangi ya sayanaidi. Mwombaji aliligundua hilo katika sehemu ya majadiliano ya makala, si katika muhtasari. Mahali pazuri pa kutafutia ulinganifu ni huko, pale mtafiti anapoeleza mipaka ya kazi yake.

Hatua ya tatu ni uwezo. Wasifu mzima hauhitajiki ndani ya barua. Zinatosha sentensi mbili zinazohusiana na swali, pamoja na kukiri kinachokosekana. Mwombaji anapima dhahabu, hajawahi kupima zebaki. Akilificha hilo, litajitokeza katika mazungumzo ya kwanza. Vivyo hivyo, hapaswi kusema “nina sampuli” iwapo sampuli ni mali ya wateja wa maabara. Anachoweza kusema ni kwamba anawafahamu wachenjuaji na ataomba ridhaa yao.

Baada ya marekebisho, barua ikawa hivi:

“Yah: Uzamivu kuhusu zebaki katika uchenjuaji wa marudio, Geita

Kwako Profesa,

Ninaomba kujua kama unapokea wanafunzi wa uzamivu kwa mwaka ujao wa masomo.

Makala yako kuhusu mashapo yanaeleza kwamba vipimo havikuweza kutenganisha zebaki ya ukamatishaji na ile inayotoka kwenye matangi ya sayanaidi. Ningependa kufuatilia sehemu hiyo ya pili: kupima zebaki katika marudio, maji ya matangi, kaboni na mabaki ya mwisho, ili kujua inakoishia.

Nina shahada ya uzamili ya kemia, na kwa miaka minne nimepima dhahabu katika kaboni na marudio kwenye maabara inayohudumia wachenjuaji wa Kahama na Geita. Sijawahi kupima zebaki, na ningehitaji kujifunza mbinu hiyo. Wachenjuaji ninawafahamu, ridhaa ya kuchukua sampuli za utafiti bado sijaiomba.

Je, swali hili linaingia katika kazi unazosimamia? Nimeambatisha wasifu wa kurasa mbili.

Wako mtiifu,”

Barua hii husomeka kwa dakika moja hata kwenye simu. Ombi limewekwa mwanzoni, na swali la mwisho linajibika kwa sentensi moja. Ufadhili haukutajwa kwa sababu mwombaji bado hajajua kama ulinganifu upo. Kama ana ufadhili tayari, au kuna tarehe ya mwisho ya kuuomba, sentensi moja ya kusema hivyo ingestahili kuongezwa. Andiko la utafiti hutumwa likiombwa.

Kipimo cha kujua kama marekebisho yametosha ni kubadilisha jina la anayeandikiwa. Ikiwa barua bado inaleta maana kwa profesa mwingine, aya ya ulinganifu haijaandikwa. Kwa hiyo mwombaji anayewaandikia wasimamizi watatu huandika aya hiyo mara tatu, na wakati mwingine hulazimika kugeuza hata swali lenyewe: kwa mtaalamu wa afya ya kazini, swali lingekuwa mvuke wanaouvuta wanaoyeyusha dhahabu.

Jibu lisipokuja ndani ya wiki mbili au tatu, ukumbusho mmoja mfupi, ulioandikwa juu ya barua ileile, unatosha. Kimya baada ya hapo hakionyeshi kama swali ni baya, kwani msimamizi anaweza kuwa na wanafunzi wa kutosha au kuwa likizo ya utafiti. Jibu la “hapana” lenye jina la mtu mwingine ni la kufuatwa, na katika barua mpya hutajwa aliyeelekeza.