Rangi ya Gauni Huamuliwa Kabla ya Kuagiza Picha

Anayetengeneza picha ya mwanamitindo kwa akili mnemba huwa na haraka ya kufika kwenye kisanduku cha kuandikia maelekezo. Anataja gauni, anataja mahali, na rangi anaiandika inavyomjia: nyekundu, kwa kuwa nyekundu inapendeza. Picha ikirudi, uso umefifia au mikono imemezwa na nguo. Hapo huanza kuongeza maneno ya sifa, "maridadi", "yenye mvuto", na picha ya pili inatoka na kasoro ileile. Tatizo ni kwamba rangi tatu za picha hiyo, ya ngozi, ya nguo na ya mandhari ya nyuma, hazikupatanishwa. Programu haitazipatanisha kwa niaba yake. Itatii rangi aliyoitaja, na asipoitaja itamwekea iliyozoeleka katika picha ilizofunzwa nazo.

Tuchukue kazi moja tuifuate mpaka mwisho. Mshonaji wa Unguja anataka picha ya tangazo la gauni refu lenye kilemba chake. Mvaaji awe mwanamke mweusi, wa kahawia iliyokolea, asimame mbele ya ukuta wa Mji Mkongwe. Ukuta huo ni wa mawe ya matumbawe yaliyopigwa chokaa, na chokaa yenyewe imezeeka ikawa krimu. Wakati ni asubuhi, kivulini.

Kwanza ngozi. Kusema "mweusi" au "maji ya kunde" kunatosha barazani, lakini kwa kazi hii ni kupana mno. Kipimo kinachofaa ni cha Monk, kilichobuniwa na Ellis Monk, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, na kutolewa kwa umma na kampuni ya Google mwaka 2022. Kina rangi 10, kuanzia nyeupe iliyofifia hadi nyeusi iliyokolea. Kipimo cha Fitzpatrick, kilichoanza mwaka 1975 na kuzoeleka kabla yake, kina ngazi sita tu, nacho kilitokana na jinsi ngozi inavyoungua au kugeuka juani, jambo ambalo halimsaidii mchagua nguo. Mwanamke wetu anaangukia rangi ya nane ya Monk, ambayo kwenye kioo huandikwa #604134.

Sasa pima wangavu. Hapa ndipo watu wengi huruka, nami nauona kuwa mzito kuliko hata rangi yenyewe. Jicho hutenganisha maumbo kwa tofauti ya wangavu kabla halijajali kama kitu ni kijani au chekundu. Chukua picha halisi ya ukuta, weka kando yake kipande cha rangi ya ngozi na vipande vya rangi za nguo unazozifikiria, kisha ondoa rangi zote kwa programu yoyote ya kuhariri picha ya simu ili zibaki kijivu. Jipe mizani ya 0 hadi 100, ambapo 0 ni nyeusi tii na 100 ni nyeupe pe. Ngozi yetu itakaa karibu na 30. Ukuta wa krimu utakaa karibu na 80. Nguo inatafutiwa nafasi yake kati ya hivyo viwili, na iwe mbali na kila kimoja kwa kiasi cha kuonekana.

Jaribu rangi ambazo mshonaji mwenyewe angependekeza. Nyeupe inasimama kwenye 95 hivi, juu ya ukuta. Hapo picha inakuwa na eneo kubwa jeupe na uso mmoja mweusi katikati yake, na kwa kuwa programu imejifunza kutokana na picha za kamera, huiga tabia ya kamera: hupunguza mwanga ili nguo isiungue, na macho na mdomo vikazama gizani. Wakati mwingine hufanya kinyume, ikaipausha ngozi ili uso uonekane. Matokeo yote mawili hayafai. Damu ya mzee nayo inakaa karibu na 25. Ni rangi ya heshima, lakini iko ngazi moja na ngozi na ni jamaa yake, kwa hiyo mikono itayeyuka ndani ya mikono ya gauni. Kahawia na ugoro zina kasoro hiyohiyo. Haradali iko karibu na 70. Inaipendeza ngozi sana, ila gauni zima la haradali litaungana na ukuta wa krimu, na mshono ambao mshonaji anautangaza hautaonekana ukingo wake.

Inabaki zumaridi, kijani cha kito, ambayo kwenye mizani ile inakaa karibu na 50. Ngazi tatu zimepatikana: 30, 50, 80. Rangi yenyewe nayo inasaidia, maana ngozi ya kila binadamu, iwe nyeusi au nyeupe, imo katika ukoo wa rangi ya chungwa kwa sababu ya melanini na damu iliyo chini yake. Tofauti ni kama imeegemea wekundu au umanjano. Kijani chenye ubuluu kiko upande wa pili wa ukoo huo, na rangi zinazokabiliana hivyo hutiana nguvu. Kwa ngozi iliyoegemea wekundu, kama hii yetu, zumaridi inaufanya wekundu huo uonekane kama afya. Kwa iliyoegemea umanjano ningehamia kwenye zambarau ya ngazi hiyohiyo.

Kilemba kitakuwa cha haradali. Kipo karibu na uso, ni cha eneo dogo, na kinaipandisha sehemu ya juu ya picha. Kuna sababu nyingine. Nguo hurudisha mwanga wake usoni, hasa chini ya kidevu. Kijani tupu kikizunguka shingo huacha kivuli chenye ukijani kinachoifanya ngozi ionekane ya mgonjwa, na programu nzuri huiga hata hilo. Haradali hurudisha mwanga wa joto. Ndiyo maana naagiza gauni lenye shingo iliyo wazi kidogo, ili zumaridi isifike kidevuni.

Kitu kimoja humchanganya hata mzoefu. Unabadilisha rangi ya gauni tu, na ngozi nayo inaonekana imebadilika. Mkemia wa Kifaransa Michel Eugène Chevreul alikutana na jambo la aina hiyo kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, alikosimamia upakaji rangi wa nyuzi. Wafumaji walilalamika kwamba nyuzi nyeusi hazikolei. Alipozichunguza hakuona kasoro kwenye rangi. Rangi zilizofumwa kando yake ndizo zilizozifanya zionekane dhaifu. Aliandika kitabu kizima kuhusu rangi zinavyobadilishana sura zikikaa pamoja, kikatoka mwaka 1839. Kwa mwagizaji wa picha somo lake ni la vitendo. Gusa paji la uso kwa kile kifaa cha kuchukulia rangi kilicho kwenye programu ya kuhariri, katika picha ya kwanza na ya pili, mahali palepale penye mwanga uleule. Msimbo ukiwa karibu sawa, jicho lako limedanganywa na jirani, na dawa ni kubadilisha nguo. Ukiwa umehama sana kuelekea weupe, programu ndiyo imeipausha ngozi, na dawa ni kurekebisha maelekezo ya ngozi na ya mwanga.

Kuandika sasa ni rahisi, lakini kuna mtego. Programu hizi hubadilisha maneno kuwa tarakimu zinazoathiriana, na rangi iliyotajwa kwa kitu kimoja huvuja hadi kwenye kingine. Taja zumaridi bila kutaja rangi ya ukuta, na mlango wa nyuma unaweza kutoka wa zumaridi. Taja rangi nne, na kilemba na gauni vinaweza kubadilishana. Kwa hiyo ninabaki na rangi mbili za nguo, kila moja ikishikana na vazi lake, na ukuta ninautajia rangi yake waziwazi. Jina la rangi linalotokana na kitu silitumii peke yake pia, nalitanguliza na rangi ya kawaida, kama "kijani cha zumaridi", kwani "damu ya mzee" inaweza kusomwa neno kwa neno.

```
Mwanamke mwenye ngozi ya kahawia iliyokolea
yenye wekundu kidogo. Amevaa gauni refu la
kijani cha zumaridi, shingo wazi. Amefunga
kilemba cha manjano ya haradali. Nyuma yake
ukuta wa chokaa ya krimu iliyozeeka. Mwanga
laini wa asubuhi kutoka kushoto, kivulini.
Ngozi ibaki na rangi yake halisi.
```

Ngozi imewekwa mbele kwa makusudi, na mwanga umepewa upande, kwa sababu ngozi iliyokolea huonyesha umbo lake kwa mng'ao wa pembeni, kwenye shavu na bega, kuliko kwa mwanga unaoipiga usoni moja kwa moja. Picha ikirudi, ipunguze iwe ndogo kama kidole gumba kisha iondoe rangi. Kama bado unaona mstari kati ya mkono na gauni, na kati ya gauni na ukuta, ngazi zimekaa. Mstari mmoja ukipotea, ongeza au punguza wangavu wa nguo pekee, "kijani cha zumaridi kilichoiva" au "kijani cha zumaridi chepesi", na maneno mengine yote yaache yalivyo.

Mshonaji anaweza kusema kwamba kitambaa tayari kimekatwa, nacho ni damu ya mzee. Hapo sikubali kuagiza gauni la rangi nyingine, maana mteja atakuja dukani akitafuta alichokiona. Tunachohamisha ni mwanga na vipambo: pindo la krimu kwenye ukingo wa mikono ya gauni ili utengane na ngozi, na mwanga wa pembeni ulio na nguvu zaidi. Ukuta wa krimu unabaki, kwa kuwa unazibeba nguo na ngozi kwa pamoja.

Na akitaka kuhamia Forodhani, kando ya bahari, wakati jua linazama, hesabu yote inaanza upya. Mwanga wa machweo una uchungwa mwingi na ubuluu kidogo, kwa hiyo zumaridi hukosa cha kurudisha na kugeuka kijani kilichochakaa, karibu na kijivu. Bahari nyuma yake inashuka hadi 40 hivi na kuingia ukoo mmoja na gauni. Nyeupe tuliyoikataa asubuhi ndiyo inayofaa hapa: inaupokea uchungwa wa jua na kuwa krimu yenye joto, haiungui tena kwa kuwa mwanga umepungua, inajitenga na maji, na inaurushia uso mwanga ambao anga haiwezi kuutoa. Kilemba cha haradali kinabaki kilivyo.