Nusu Dakika ya Kujitambulisha Mtandaoni

Ukumbini zamu ya kujitambulisha hufuata viti. Kwenye Zoom viti havipo, na mpangilio wa nyuso kwenye skrini yako huenda usifanane na wa mwenzako, hivyo kusema "tuanzie kushoto" hakusaidii. Kimya hutanda, kisha watu watatu wanaongea kwa mpigo. Mwendesha kikao ndiye wa kuzuia hali hiyo: aite kila mtu kwa jina, na papo hapo amtaje anayefuata ili ajiandae.

Nawe una kazi kabla ya kuitwa. Tazama jina linaloonekana chini ya picha yako. Walioingia kwa simu mara nyingi huonekana kwa jina la simu yenyewe, na hakuna anayejua amwiteje mtu huyo. Libadilishe, uandike jina lako na mahali ulipo.

Tuseme walimu wa Kiswahili wanakutana Jumamosi moja ya Julai. Mombasa ni saa kumi jioni, Maskati saa kumi na moja, Lubumbashi saa tisa alasiri, na Toronto ndiyo kwanza saa tatu asubuhi. Mwalimu wa Mombasa anaweza kusema hivi:

"Hamjambo nyote. Naitwa Asha, niiteni Mwalimu Asha. Niko Mombasa, Kenya, nafundisha darasa la nne. Ningependa kusikia kwa wenzangu walio ng'ambo: mtoto anayesikia Kiswahili nyumbani tu, mnamwanzishia kusoma kwa vitabu gani? Mimi ninazo hadithi fupi za darasani, nitawagawia. Ahsanteni."

Salamu imetangulia kwa sababu ukiwasha maikrofoni, sauti ya mwanzo mara nyingi humezwa. Ikimezwa "hamjambo" hakuna hasara. Likimezwa jina, watu watakuita "dada wa Mombasa" hadi mwisho wa kikao. Tena "hamjambo" inamfaa aliyeamka sasa hivi na anayengoja magharibi, tofauti na "habari za jioni". Jina litamke polepole, maana kwa mgeni wa nchi nyingine huenda ni jipya. Vyeo na shahada ziache. Swali lako na unacholeta ndivyo vitakavyomfanya mtu wa Toronto akutafute baadaye. "Ahsanteni" inamjulisha mwendesha kikao kwamba umemaliza, asije akadhani mtandao umekatika.

Maneno hayo huchukua kama nusu dakika. Watu 24 wakienda hivyo, utambulisho unakwisha kwa dakika 12. Kila mmoja akichukua dakika mbili, zitakwenda 48, na wenye bando dogo watakuwa wameshatoka. Wakizidi hapo, afadhali kila mtu aandike utambulisho wake kwenye sehemu ya ujumbe, na wazungumzaji wakuu pekee wajitambulishe kwa sauti.

Ukiona midomo yako inakwenda na wenzako wanapunga mikono, angalia alama ya maikrofoni. Ikiwa imekatwa kwa mstari mwekundu, iwashe na uanze tena kwenye salamu.