Asubuhi na alasiri: «l» ilienda wapi?

Mutu wa Kasaji anaamka asubuhi, anangojea gari ya moshi ya Kolwezi mupaka alasiri. Hizi maneno mbili zilitoka mu kiarabu, na zote zilikuja na kale kaneno kadogo «al», kenye kuonyesha kitu chenye kujulikana. Alasiri ni «al-asr»: «l» inasikika. Asubuhi ni «al-subh», lakini mwarabu anasema «as-subh». «L» imepotea. Juu ya nini?

Jibu iko mu ulimi. Jaribu wewe mwenyewe: sema «l», sikia vile ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno. Sasa sema «s», «r», «n», «d». Ulimi inabakia kule kule mbele. Sauti mbili jirani zinabanana, «l» inageuka kuwa sawa na ile inafuata: al-s inakuwa as-s. Lakini «k», «f», «m», «b» zinafanyika nyuma mu kinywa ao ku midomo. Hapo «l» haina jirani, inabakia. Na siye tunajua mambo ya namna hii: ubao moja, mbao mingi, si «nbao».

Kiarabu iko na herufi 28. 14 zinameza «l»: zinaitwa herufi za jua, sababu jua ni «ash-shams». 14 zinaiacha: herufi za mwezi, sababu mwezi ni «al-qamar». Angalia vitu vya mugodi: shaba ni «an-nuhas», zahabu «adh-dhahab», lakini chuma ni «al-hadid». «J» peke njo inadanganya: ulimi iko mbele, lakini ni ya mwezi, maana zamani ilisemewa nyuma, karibu na «g».

Mu maandiko, kwa kawaida «l» haitoke. Inaandikwa, haisomwe. Njo maana majina zinaleta matata ku biro. Tuseme baba mumoja, karatasi ya kuzaliwa inasema Abdurahmani, karatasi ya mushahara Abdulrahmani. Karani anafikiri ni batu wawili, na feza ya familia inangojea. Kumbe mwandishi moja alifuata sikio, mwingine alifuata herufi. «R» ni ya jua, basi ni jina moja.

Lakini Abdulkarimu si vile. «K» ni ya mwezi, «l» lazima isikike. Kama mutu ameandika «Abdukarimu», hapo herufi imeanguka kweli.

Kanuni haitageuza karatasi. Inasaidia tu kujua ni wapi kuna kosa, na ni wapi hakuna. Mbele ya kuandikisha mutoto, familia ichague namna moja, na iishike ku karatasi zote.