Je, Wajua? Boriti iliyobanwa haianguki kwa bawaba ya kwanza

Mwaka 1914 mhandisi Gábor Kazinczy wa Hungaria alipima boriti za chuma zilizobanwa ncha zote mbili. Alionyesha kuwa haziporomoki mpaka sehemu tatu zilegee: ncha mbili na katikati. Kila sehemu iliyolegea huitwa bawaba plastiki: chuma pale huendelea kujikunja huku kikishikilia momenti yake ya juu kabisa.

Chukua boriti ya mita 6, yenye mzigo uliotandazwa sawasawa, na momenti hiyo iwe kilonyutoni-mita 180. Ncha hulegea kwanza, mzigo ukifika kilonyutoni 60 kwa mita. Boriti bado imesimama, kwani katikati pana nguvu iliyobaki.

Ili kupata mzigo wa kuporomoka kwa mita, w, iwazie imevunjika katikati. Kila ncha ikizunguka kwa pembe θ, katikati huzunguka 2θ, hivyo bawaba hula kazi ya 180 × 4θ = 720θ. Katikati hushuka 3θ, wastani wa boriti nzima ni 1.5θ, na kazi ya mzigo ni w × 6 × 1.5θ = 9wθ. Kazi hizo mbili zikilinganishwa, w = 80.

Hapa pana mtego. Ukiweka bawaba ya kati mita 2 kutoka ncha moja, utapata 90, jibu linalompa mjenzi matumaini ya uongo. Njia hii haitoi kamwe chini ya mzigo halisi, kwa hiyo shika jibu dogo kabisa, kisha hakikisha momenti haizidi 180 popote.