Unataka Kutoa Doh ya Pensheni Ununue Keja ama Ulipe Karo? Cheki Hesabu Kwanza

Kama umekulia Kericho ama Bomet, unajua hii stori. Mathee ama mzae anachapa kazi kwa shamba la chai miaka 30, familia inaishi kwa nyumba ya kampuni, halafu siku ya kustaafu inafika na hiyo nyumba inarudishwa. Ndio maana wasee wengi wakicheki karatasi ya pensheni yao wanauliza: si nitoe kiasi saa hii nijipatie keja yangu?

Jibu ni ndio, lakini si vile wengi wanadhani. Tangu 2020, sheria ya Kenya inakubali mwanachama wa mpango wa pensheni wa kazini, kabla hajastaafu, kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake kununua nyumba ya kuishi. Kikomo ni shilingi milioni 7. Doh haiingii kwa M-Pesa yako. Wadhamini wa mpango wanamlipa anayeuza, na lazima awe taasisi inayokubalika, si jirani anayeuza ploti kule Sotik.

Karo ni stori tofauti kabisa. Hakuna kifungu kinachokuruhusu kutoa pensheni ukiwa kazini kwa sababu mtoto ameitwa shule ya sekondari. NSSF pia haina hiyo dirisha: unangoja miaka 60, ama 50 ukiwa umeacha kazi. Kwa hivyo kuna wasee huamua kuacha kazi ndio waifikie hiyo akiba. Wengine hawajiamulii, kazi inawaacha: mashine za kuchuna chai zimechukua nafasi za watu wengi, hadi Mei 2023 waandamanaji wakazichoma Kericho. Ukitoka mapema hivyo, unaweza kupewa sehemu tu. Nyingine inabaki imefungwa hadi umri wa kustaafu.

Sasa hesabu. Tuseme kuna karani wa kiwanda cha chai pale Bomet, miaka 35, akiba yake imefika mita moja. Anatoa asilimia 40, yaani laki nne. Tuseme mpango wake unaleta faida ya asilimia 8 kwa mwaka. Kwa hiyo faida, pesa hujizidisha mara mbili kila miaka 9 hivi. Yeye ana miaka 25 kabla afike 60, kwa hivyo hizo laki nne zingekuwa karibu mita 2.7. Hiyo ndio bei halisi ya alichotoa.

Kama mchango wake na wa mwajiri ni jumla ya thao 6 kwa mwezi, na haubadiliki, angestaafu na karibu mita 12.1. Baada ya kutoa, anastaafu na kama mita 9.4. Pensheni yake imepungua karibu robo. Bei ya vitu nayo itakuwa imepanda hiyo miaka yote, so usione hizo mita kama za leo, lakini hiyo robo inabaki robo.

Je, anaweza kujaza shimo? Ndio, akiongeza karibu 3,100 kila mwezi kwa miaka yote 25. Hiyo namba ndio kipimo chako. Kama keja mpya inakuondolea rent ya thao 8, na kweli unarudisha 3,100 kwa pensheni, uko sawa. Lakini kama bado unaishi kwa nyumba ya kampuni, hakuna rent unaokoa leo. Hapo keja lazima ipate mpangaji, la sivyo unalipia shimo na mshahara wako.

Kitu ingine: laki nne hainunui nyumba nzima. Inayobaki unaitoa mfukoni ama unakopa, na hiyo awamu ya mkopo ndio hufanya watu wasahau zile 3,100.

Kwa karo, cheki chama cha akiba na mikopo kwanza. Kericho kuna Ndege Chai Sacco na Imarisha Sacco, na kawaida ya vyama kama hivi ni kukukopesha mara kadhaa ya akiba yako, ukiwa na wadhamini. Riba utalipa, lakini mkopo wa karo unaisha, kazi unabaki nayo, na mwajiri anaendelea kuchanga. Ukiacha kazi ndio ulipe karo ya mwaka mmoja, mwaka wa pili karo inakuja na mshahara hauko.

Kabla usaini chochote, uliza ofisi ya wafanyakazi ikupe taarifa yako ya mwaka ya pensheni. Chukua kiasi unataka kutoa, kizidishe mara mbili kwa kila miaka 9 iliyobaki hadi 60, halafu ujiulize kama hiyo keja itakuwa imekulipa hivyo.