Utambi chini ya sakafu

Jumanne ya tarehe 22 Juni 2021, bei ya Bitikoini ilishuka chini ya dola 30,000. Kwa zaidi ya mwezi mmoja wanunuzi walikuwa wameilinda namba hiyo kama mlango wa nyumba, na siku hiyo mlango ulivunjika. Bei ilizama hadi karibu dola 28,800. Waliokuwa wamesubiri kwa subira wakauza, na waliokuwa wakingoja anguko kubwa wakaona limefika. Kabla siku haijaisha bei ilikuwa imepanda tena, ikafunga karibu dola 32,500. Kwenye chati ya siku palibaki mshumaa wenye utambi mrefu ulioning'inia chini ya sakafu, huku kiwiliwili chake kikiwa kimerudi ndani.

Alama hiyo wasomaji wa chati huiita springi. Jina limetokana na mwendo wenyewe: bei inabanwa chini, kisha inaruka juu. Ndugu yake wa upande wa pili ni aptrasti, pale bei inapopenya juu ya dari, ikawavuta wanunuzi wa mwisho, halafu ikarudi chini na kuwaacha huko juu. Zote mbili zimo katika mafundisho yaliyoachwa na Mmarekani Richard Wyckoff, aliyezaliwa 1873 na kufariki 1934, mtu wa soko la hisa la New York ambaye hakuwahi kuota kuhusu sarafu za kidijitali.

Wyckoff alianza na tatizo la kawaida kabisa. Mfanyabiashara anayetaka magunia 10,000 ya mahindi hawezi kuingia sokoni asubuhi moja na kutangaza hivyo, maana kabla hajapata gunia la mia bei itakuwa imepaa. Atanunua kidogo kidogo. Bei ikipanda atatulia, ikishuka atarudi, na zaidi ya yote atapenda siku ambazo wakulima wana hofu na wanauza wenyewe bila kubembelezwa. Mwenye fedha nyingi katika soko la sarafu yumo katika hali hiyohiyo. Ndiyo maana baada ya anguko kubwa bei mara nyingi haipandi moja kwa moja. Hukaa wiki au miezi ikipanda na kushuka kati ya sakafu na dari, na ndani ya kipindi hicho mali huhama kutoka kwa walioogopa kwenda kwa wanaokusanya. Hiyo ndiyo awamu ya kukusanya. Baada ya mpando mrefu jambo hilo hutokea kinyume chake: wenye mali nyingi wanawagawia polepole wenye shauku, na hiyo ndiyo awamu ya kugawa.

Mwaka 2021 Bitikoini ilipitia awamu zote mbili kwa kufuatana, kugawa kwanza na kukusanya baadaye, jambo linaloufanya mwaka huo uwe shule nzuri.

Sakafu ya dola 30,000 ilijengwa tarehe 19 Mei. Wiki moja kabla yake kampuni ya Tesla ilikuwa imetangaza kwamba haitapokea tena Bitikoini kwa magari yake, na kutoka China zilikuja habari za serikali kukaza kamba. Siku hiyo bei ilianza karibu dola 43,000, ikaporomoka hadi karibu 30,000, kisha ikainuka. Kiasi cha miamala kilikuwa kikubwa mno. Wengi walikuwa wamekopa ili wanunue zaidi, na bei iliposhuka masoko yaliuza mali yao kwa lazima, jambo lililoishusha bei zaidi. Kilele cha mauzo cha namna hii ndicho mwanzo wa kawaida wa ukusanyaji. Mpando uliofuata uligonga karibu dola 42,000, na katikati ya Juni bei ikafika tena zaidi ya dola 41,000 na kukwama. Hapo eneo likawa limejichora lenyewe, sakafu 30,000 na dari kama 42,000.

Mwezi mzima ukipita bei ikiheshimu sakafu, kila mtu anaijua. Aliyenunua anaweka oda ya kukata hasara chini yake kidogo. Anayetaka kuuza pindi soko likivunjika naye anaweka oda yake hapohapo. Basi chini ya dola 30,000 kulikuwa na rundo la oda za kuuza zinazosubiri kuguswa. Bei ilipofika huko zilifyatuka kwa pamoja, na mnunuzi mkubwa akapata kile ambacho siku za kawaida hakipatikani: wauzaji wengi kwa wakati mmoja, wasiojadili bei. Hakuna haja ya kudhani kwamba kuna mtu mmoja aliyepanga yote hayo. Wyckoff mwenyewe alimtumia mtu wa kufikirika, anayewakilisha wenye fedha nyingi wote kwa pamoja, na alimtumia kama njia ya kufikiri tu.

Kutoboka kwa sakafu kwenyewe hakusemi kitu. Linalosema ni kurudi. Ikiwa wauzaji wote waliokuwa chini ya sakafu wameshauza na bado bei inapanda juu yake, maana yake mzigo wao umepata mwenyewe. Hapa ndipo chati ya siku inapoonyesha faida yake juu ya chati ya dakika tano, kwa sababu inalazimisha kusubiri mshumaa ufungwe. Soko la sarafu halilali wala halina wikiendi, na masoko mengi hufunga mshumaa wa siku saa sita usiku kwa saa ya Greenwich, ambayo Dar es Salaam na Nairobi ni saa tisa usiku. Anayeamua jioni ya saa mbili anasoma mshumaa ambao bado una saa saba za kubadilika.

Tuseme mtu alinunua kwenye ufungaji wa tarehe 22 Juni, dola 32,500, akapanga kutoka iwapo bei ingeshuka chini ya ncha ya utambi, dola 28,800. Kwa kila sarafu alihatarisha dola 3,700, na dari ilikuwa juu yake kwa takriban dola 9,500. Hesabu hiyo inavutia. Lakini mpando uliofuata uliishia karibu dola 36,600, mbali na dari, kisha bei ikaanza kuteleza tena wiki baada ya wiki. Tarehe 20 Julai ilifunga chini ya dola 30,000 baada ya kugusa karibu dola 29,300. Ilimkosa mnunuzi wetu kwa takriban dola 500.

Shuko hilo la pili ndilo jaribio, na mtazamaji mzoefu huliangalia kwa makini kuliko springi yenyewe. Tarehe 22 Juni kiasi cha miamala kilikuwa kikubwa. Tarehe 20 Julai, karibu palepale, kilikuwa kidogo sana kikilinganishwa na siku ile. Bei ilirudi mahali pa hofu na wauzaji hawakujitokeza kwa wingi, wala bei haikufika chini ya ule utambi wa kwanza. Kesho yake ilifunga tena juu ya dola 32,000. Tarehe 26 Julai ikaruka hadi zaidi ya dola 40,000, na mwanzoni mwa Agosti dari ikaachwa nyuma. Tarehe 10 Novemba Bitikoini ilifika takriban dola 69,000.

Tukirudi nyuma miezi michache tunaiona sura ya pili. Mwishoni mwa Februari 2021 bei ilikuwa imefika takriban dola 58,000, ikadondoka hadi karibu 43,000, na katikati ya Machi ikapanda kidogo juu ya dola 61,000 na kugeuka. Tarehe 13 Aprili ilipenya dari hiyo. Siku iliyofuata hisa za Coinbase, soko kubwa la sarafu la Marekani, zilianza kuuzwa Nasdaq, na Bitikoini ikafika karibu dola 64,800. Habari zilikuwa njema kuliko wakati wowote. Kwa mwenye mzigo wa kuuza hakuna siku bora kuliko hiyo, kwa kuwa wanunuzi wanakuja wenyewe.

Aptrasti hii ina somo gumu. Haikuwa utambi wa siku moja. Bei ilifunga juu ya dari ya Machi kwa siku tatu, na aliyejiwekea kanuni ya kusubiri mshumaa mmoja ufungwe juu angenunua kwa dhamiri safi kabisa. Kilichokosekana ni mwendelezo. Bei ilisogea dola 3,000 tu juu ya dari, ikasimama, na tarehe 16 ilikuwa inateleza kurudi ndani. Tarehe 18 iliporomoka, ikagusa karibu dola 51,000. Mwanzoni mwa Mei ilijaribu tena ikafika karibu dola 59,500, chini ya dari. Mpando dhaifu wa namna hii baada ya aptrasti ndio unaoonyesha kwamba mnunuzi amechoka. Siku chache baadaye likaja lile anguko la tarehe 19 Mei.

Kiasi cha miamala, ambacho usomaji wote huu unakiegemea, kina kasoro yake katika kripto. Hakuna soko moja kuu linalojumlisha kila kitu. Kila soko huonyesha miamala yake tu, na mwaka 2019 kampuni ya Bitwise iliiambia mamlaka ya mitaji ya Marekani kwamba takriban asilimia 95 ya kiasi kilichotangazwa cha miamala ya Bitikoini kilikuwa cha uongo. Busara ni kuchagua soko moja au mawili yanayoaminika na kulinganisha siku zake zenyewe kwa zenyewe.

Na kuna springi zinazokufa. Februari 2018 Bitikoini ilipata sakafu karibu dola 6,000. Mwishoni mwa Juni iliitoboa, ikafika takriban dola 5,750, ikarudi juu, na kufikia mwisho wa Julai ilikuwa zaidi ya dola 8,000. Kwenye chati ilikuwa springi kamili, na waliosherehekea hawakuwa wajinga. Ila kila mpando wa mwaka ule uliishia chini ya uliotangulia: Machi zaidi ya dola 11,000, Mei kama 10,000, Julai kama 8,500, na Septemba kama 7,400. Hata springi yenyewe haikuweza kuirudisha bei kwenye vilele vya Mei. Oktoba soko likanyamaza, bei ikizunguka kati ya dola 6,200 na 6,600, na wengi wakausoma ukimya huo kuwa wauzaji wamekwisha. Tarehe 14 Novemba sakafu ilivunjika na mshumaa ukafunga chini yake. Siku zilizofuata hazikurudi juu. Katikati ya Desemba Bitikoini moja ilikuwa ikiuzwa kwa takriban dola 3,200.