Kikao Kimekwisha, Nani Kabaki na Kazi?

Katika hospitali nyingi za rufaa, mgonjwa wa saratani haamuliwi na daktari mmoja. Daktari wa upasuaji, daktari wa saratani, mtaalamu wa picha, mpatholojia, muuguzi, mfamasia na afisa ustawi wa jamii hukaa meza moja, kila mmoja akaeleza anachokiona kwa upande wake, kisha wakakubaliana njia ya matibabu. Mgonjwa mmoja huchukua dakika chache tu. Katibu anaandika mbiombio, na wataalamu wanatawanyika kwenda wodini.

Kazi yenyewe inaanzia hapo: kuyageuza yale maandishi ya haraka yawe kumbukumbu za kikao. Niliwahi kushika kalamu hiyo, na kosa langu la kwanza silisahau. Niliandika, “Majibu ya maabara yafuatiliwe.” Wiki mbili baadaye tulipofika kwenye yatokanayo, kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyefuatilia. Mgonjwa alikuwa amerudi kliniki mara mbili bila kupewa jibu. Hakuna aliyekuwa mvivu. Sentensi yangu ndiyo iliyokosa mwenyewe.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini unaofanana na yanayojiri vikaoni. Kikao kilikaa Alhamisi, 6 Machi 2025. Daftari la katibu linasomeka hivi:

“Mama, miaka 46. Titi la kushoto, uvimbe sm 6, tezi kwapani. Kinyama: saratani. Vipokezi bado, maabara wafuatilie. Upasuaji: titi litolewe mapema. Dkt. wa saratani: kemo kwanza, uvimbe upungue. Wameafiki kemo. Moyo upimwe. CT. Hana bima, ustawi wa jamii. Aje tena.”

Aliyekuwepo kikaoni anaelewa kila neno. Muuguzi aliyekuwa likizo hataelewa, na hata aliyekuwepo atakuwa amesahau nusu yake baada ya wagonjwa wengine kumi.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha maneno yaliyosemwa na uamuzi uliofikiwa. Humu kuna taarifa: umri, ukubwa wa uvimbe, majibu ya kinyama. Kuna maoni mawili yaliyopingana. Na kuna maazimio, ambayo ndiyo moyo wa kumbukumbu. Mjadala wa upasuaji na kemo hauhitaji kuandikwa wote. Sentensi moja inatosha: “Iliazimiwa kuanza na kemo ili uvimbe upungue kabla ya upasuaji.” Sababu ibaki, kwa kuwa daktari atakayempokea mama huyu miezi miwili ijayo atataka kujua kwa nini hakupelekwa chumba cha upasuaji kwanza. Mtaalamu akiomba maoni yake tofauti yaandikwe, yaandikwe kwa ufupi chini ya azimio.

Hatua ya pili ni mhusika. “Maabara” si mhusika, ni jengo. Kila azimio liwe na mtu mmoja anayeulizwa, hata kama watakaolifanya ni watano. Hapa pana mtego: mara nyingi daftari halitaji mtu, na katibu anashawishika kujaza jina analodhani linafaa. Asifanye hivyo. Atakayepangiwa kazi bila kujua hataifanya, na kumbukumbu zitakuwa zimesema uongo. Amuulize mwenyekiti siku hiyohiyo, na kama jibu halijapatikana, aandike wazi “mhusika hajateuliwa.” Njia bora zaidi ni kuzuia pengo hilo mapema: kabla mgonjwa wa pili hajaanza kujadiliwa, katibu anasoma kwa sauti azimio, mhusika na tarehe. Ni sekunde 30 tu, na mwenye pingamizi analitoa hapohapo.

Hatua ya tatu ni tarehe. “Wiki ijayo” na “mapema iwezekanavyo” si tarehe. Tena tarehe hazipangwi moja moja, kwa kuwa kazi hizi zimeshikana kama vishikizo vya shati: ukikosea cha kwanza, vyote vinapinda. Mama hana bima, kwa hiyo picha ya CT haitapigwa mpaka suala la gharama limalizike. Baadhi ya dawa za kemo ya saratani ya matiti, kama doksorubisini, zinaweza kudhoofisha msuli wa moyo, kwa hiyo dozi ya kwanza inasubiri kipimo cha moyo. Katibu anaanza na siku ya dozi, kisha anahesabu kurudi nyuma. Kumbukumbu zikakamilika hivi:

1. Mgonjwa aelezwe mapendekezo ya kikao na kuulizwa kama anaridhia. Mhusika: daktari wa saratani, akiwa na muuguzi mratibu. Ijumaa, 7 Machi.
2. Msamaha wa gharama ushughulikiwe. Mhusika: afisa ustawi wa jamii. Jumanne, 11 Machi.
3. Majibu ya vipokezi vya estrojeni, projesteroni na HER2 yawekwe kwenye jalada. Mhusika: mpatholojia. Jumatano, 12 Machi.
4. Eko ya moyo na picha ya CT ya kifua na tumbo zikamilike. Mhusika: daktari wa kliniki ya saratani. Ijumaa, 14 Machi.
5. Dozi ya kwanza ya kemo itolewe, endapo mgonjwa ameridhia na moyo uko sawa. Mhusika: daktari wa saratani. Jumatatu, 17 Machi. Endapo CT itaonyesha saratani imesambaa, dozi isitolewe; mgonjwa arudishwe kikaoni Alhamisi, 20 Machi.
6. Uvimbe upimwe upya baada ya dozi ya pili na taarifa iletwe kikaoni. Mhusika: daktari wa upasuaji. Alhamisi, 24 Aprili.

Kwenye rekodi halisi, kila cheo kiambatane na jina la mtu.

Tazama azimio la tano. Neno “endapo” limebeba usalama wa mgonjwa. Daftari lilisema tu “kemo kwanza,” lakini kikaoni wote walijua kuna masharti. Yasipoandikwa, daktari wa zamu atasoma amri isiyo na breki.

Azimio la kwanza nalo halikuwemo kabisa daftarini. Katibu aligundua pengo, akamuuliza mwenyekiti, likaongezwa kwa idhini yake. Kikao kinapendekeza, mwenye mwili ndiye anayeridhia. Kama hakuna aliyepewa jukumu la kumweleza, mama huyu atasikia habari za matibabu yake kwa mhudumu wa mapokezi.

Kabla ya kusaini, fungua kalenda. Dozi nyingi za aina hii hurudiwa kila baada ya siku 21. Ukihesabu kutoka 17 Machi, dozi ya pili inaangukia Jumatatu, 7 Aprili, ambayo Tanzania ni Siku ya Karume. Kliniki ya mchana imefungwa. Isogezwe Jumanne, 8 Aprili, na mgonjwa aambiwe mapema, hasa anayesafiri kutoka mkoani kwa nauli ya kuazima.

Mwisho ni usambazaji. Kumbukumbu ziwafikie wahusika ndani ya siku moja, kwa sababu azimio la kwanza linaiva kesho yake. Tumia namba ya jalada badala ya jina la mgonjwa, wala zisirushwe kwenye makundi ya WhatsApp: taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Nakala moja iingie kwenye jalada la mgonjwa.

Kikao kijacho kianzie hapo kwenye yatokanayo: limefanyika, halijafanyika, au limebadilika na kwa nini. Lisilofanyika lipewe tarehe mpya, na ile ya zamani isifutwe. Azimio likionyesha tarehe tatu zilizopita mfululizo, mwenyekiti asimgombeze mhusika kwanza. Amuulize amekwama wapi, kwani mama wa miaka 46 yuko nje ya mlango huo anasubiri kuitwa.